Kumbukumbu za Mkutano wa Maji na Jinsi ya Kuziandika

Katika skimu nyingi mradi wa maji huanza kwa mapatano mema. Watu hukutana, hupiga makofi, huchanga fedha, na maji hufika. Kisha kiangazi kikali huja, maji hupungua, na ugomvi huzuka. Mmoja asema, "Tulikubaliana ng'ombe wanywe kwanza." Mwingine asema, "La, tulikubaliana bustani ipate maji kila siku." Katibu aitwa alete daftari. Lafunguliwa, na ndani yake mmeandikwa maneno haya tu: "Mkutano ulikubali kwa kauli moja kuleta maji kijijini."

Maneno hayo ni ya kweli, lakini hayamsaidii mtu yeyote. Hayasemi maji ni kiasi gani, yataka kwenda wapi, wala yakipungua ni nani afungiwe kwanza. Kumbukumbu za mkutano wa maji zafaa kuandikwa hata mtu ambaye hakuhudhuria aweze, baada ya miaka kumi, kusoma na kujua lililokatwa na sababu yake.

Mwezi huu tutasoma kumbukumbu za kamati ya maendeleo ya kijiji kimoja cha skimu. Jina la kijiji na majina ya watu tumeyaacha. Tutazisoma kipande kwa kipande, na baada ya kila kipande tutaeleza kwa nini katibu aliandika hivyo. Weka daftari na kalamu karibu, maana hesabu zake unaweza kuzifanya kwa chemchemi ya kwenu.

Kwanza yafaa ujue mahali penyewe. Kijiji kina nyumba 60, na mashamba yamekatwa juu ya mteremko mmoja mrefu. Chemchemi ni moja, nayo imo ndani ya shamba la mwanakijiji mmoja. Nyumba 46 ziko chini ya chemchemi, na nyumba 14 ziko juu yake. Kabla ya mkutano kila kundi lilikuwa na nia yake. Wazee walitaka birika la kunyweshea ng'ombe. Wanawake walitaka mifereji karibu na nyumba. Vijana walitaka maji ya kunyunyizia kabeji, ekari mbili.

WALIOHUDHURIA

Katibu aliandika hivi:

"Kamati ina wajumbe 13: wazee 5, wanawake 4 na vijana 4. Waliohudhuria ni 11: wazee 4, wanawake 4, vijana 3. Idadi itakiwayo ili mkutano uwe halali ni 9, kwa hiyo mkutano uliendelea. Nyumba 52 kati ya 60 zilileta mtu wa kusikiliza. Mwenye shamba la chemchemi na mkewe walikuwapo. Wajumbe wawili wa kijiji cha chini, wanaotumia kijito kinachotoka katika chemchemi hiyo, walialikwa nao wakaja."

Tazama kwamba katibu hakuandika "watu wengi walihudhuria." Aliandika idadi, na akaonyesha kila kundi lilikuwa na watu wangapi. Mtu akija kusema baadaye kwamba wanawake hawakuulizwa, au kwamba wazee walikata shauri peke yao, jibu limo katika mistari hii. Tazama pia wale wasio wajumbe ambao majina yao yalihitajiwa: mwenye shamba, mkewe, na majirani wa chini. Hao ndio wawezao kuuzuia mradi, kwa hiyo kuwapo kwao kuandikwe.

KIPIMO CHA MAJI

"Mjumbe wa vijana alisema walipima chemchemi mwezi wa Mei, na mtungi wa lita 20 ukajaa kwa sekunde 20. Mzee mmoja alijibu kwamba maji ya Mei ni maji ya mvua, nayo hayawezi kupangiwa kazi ya mwaka mzima. Alikumbusha kwamba katika ukame wa 1984 watu walikesha hapo wakingojea zamu. Katibu akasoma vipimo vilivyochukuliwa mwaka huu mbele ya wazee, wanawake na vijana: Januari sekunde 35, Februari sekunde 42, na wiki ya kwanza ya Machi sekunde 50. Mkutano ulikubali kwamba kipimo cha Machi ndicho kitakachotumika, maana ndicho kidogo kuliko vyote."

Hapa ndipo mradi mzima uliposimama. Chemchemi haipimwi kwa macho. Watu wale waliziba njia za maji kwa udongo wa mfinyanzi, wakaacha paipu fupi moja ili maji yote yapite hapo. Wakangoja mpaka maji yaliyojikusanya nyuma ya udongo yatulie na kutoka sawasawa. Ndipo wakaweka mtungi wa lita 20 na kuhesabu sekunde kwa saa. Walirudia mara tatu na kuchukua wastani. Hawakuuinua udongo juu kuliko mahali maji yatokeapo, na sababu yake tutaiona mbele.

Sasa fanya hesabu. Mtungi wa lita 20 ukijaa kwa sekunde 50, ndizo lita 24 kila dakika. Kwa saa moja ni lita 1,440. Kwa usiku na mchana, yaani saa 24, ni lita 34,560. Kama wangefuata kipimo cha Mei, wangepata lita 86,400 kwa siku, na wangejenga mradi wa maji ambayo kwa miezi mitatu ya mwaka hayapo. Basi katika daftari lenu andikeni kipimo, mwezi, na waliokuwapo. Kipimo kisicho na mwezi hakina maana.

MAHITAJI

"Mwakilishi wa wanawake alisema kwamba sasa nyumba moja huchota mitungi 5 kwa siku, lakini hiyo si haja ya nyumba, ni kiasi ambacho mgongo wa mtu waweza kubeba. Maji yakiwa karibu, matumizi yataongezeka. Aliomba ihesabiwe mitungi 6 kwa nyumba ya watu sita, yaani lita 20 kwa kila mtu. Mkutano ulikubali."

Mama huyo alisema neno la maana sana. Miradi mingi hupimwa kwa maji ambayo watu huchota wakati kisima kiko mbali, na mfereji ukija maji hayatoshi. Kisha katibu aliandika hesabu yote hivi:

"Watu 360, lita 20 kila mmoja: lita 7,200.
Ng'ombe 120, lita 60 kila mmoja: lita 7,200.
Mbuzi na kondoo 200, lita 5 kila mmoja: lita 1,000.
Jumla kwa siku: lita 15,400."

Ng'ombe wa maziwa wa kizungu, akiwa na maziwa mengi na jua kali, aweza kunywa zaidi ya lita 60. Ndama hunywa pungufu. Kwa hesabu ya kijiji chenye wakubwa na wadogo, lita 60 ni kadiri ya kufaa.

Kisha wakafika kwa bustani ya vijana. Kabeji wakati wa jua kali hutaka maji ya kadiri ya milimita 5 kila siku, kama vile mvua ndogo. Milimita 5 ni kitu kidogo ukitazama katika bakuli. Lakini ekari moja ni zaidi ya mita za mraba 4,000, na kila mita ya mraba ikipewa milimita 5 yanywa lita 5. Kwa hiyo ekari moja yataka kama lita 20,000 kwa siku, na ekari mbili lita 40,000. Chemchemi yote hutoa lita 34,560.

"Vijana walinyamaza kwa muda. Kisha mjumbe wao mmoja akasema kwamba hakujua bustani ingekunywa kuliko kijiji kizima, akauliza kama robo ekari yaweza kupatikana. Robo ekari yataka lita 5,000. Jumla ya mahitaji ikawa lita 20,400 kwa siku. Mkutano ulikubali robo ekari, kwa masharti yatakayoandikwa chini."

Katibu aliandika ombi la kwanza, hesabu iliyolibadilisha, na ombi la pili. Hakuandika tu kwamba "vijana walipewa robo ekari." Mwaka ujao kijana akiuliza kwa nini hawakupewa ekari mbili, hataambiwa kwamba wazee waliwaonea. Atasoma hesabu mwenyewe.

MGAWANYO WA MAJI

"Mjumbe wa kijiji cha chini aliuliza ni maji gani yatakayobaki katika kijito. Ilikubaliwa kwamba theluthi moja ya maji itaachwa iende kijitoni mchana na usiku, na theluthi mbili ziende katika tangi. Maji yatagawanywa kwa kisanduku cha simiti chenye matundu matatu ya ukubwa mmoja yaliyo sawasawa kwa kimo. Matundu mawili yatakwenda tangini, na moja kijitoni. Hakuna mtu atakayeweka koki katika kisanduku hicho."

Njia hii ni nyepesi na haidanganyi. Matundu yakiwa na upana mmoja na kimo kimoja, maji hujigawa yenyewe. Yakiongezeka, kila upande wapata zaidi; yakipungua, kila upande wapungukiwa. Tundu moja likiwa chini kuliko mengine, hata kwa upana wa kidole, litakunywa maji ya wenzake. Kwa hiyo fundi apime kwa pima maji kabla simiti haijakauka, na watu wa pande zote mbili wawepo.

Theluthi mbili za lita 24 ni lita 16 kila dakika, ndizo lita 960 kwa saa. Usiku, tangu saa 1 jioni mpaka saa 12 asubuhi, ni saa 11, na watu hawachoti. Maji ya usiku huo ni lita 10,560. Ndiyo sababu kamati ilichagua tangi la lita 10,000. Tangi dogo kuliko hilo lingemwaga maji ya usiku bure, na kubwa zaidi lisingejaa wakati wa kiangazi. Asubuhi watu huanza na lita 10,000, na mchana zaingia lita 12,480. Jumla ni lita 22,480, nazo zatosha yale mahitaji ya lita 20,400.

MAJI YAKIPUNGUA

Kipande hiki ndicho kinachokosekana katika daftari nyingi. Watu wakiwa na furaha hawapendi kuzungumza juu ya kiangazi. Lakini shauri la kiangazi likatwe wakati wa amani, maana wakati wa kiu hakuna atakayekubali kuwa wa kwanza kufungiwa.

"Kila Jumamosi mjumbe mmoja wa wanawake na mmoja wa vijana watapima maji kwenye chemchemi kwa mtungi wa lita 20, na kuandika sekunde katika daftari. Mtungi ukichukua sekunde 75 au zaidi, mfereji wa bustani utafungwa siku hiyo hiyo. Ukichukua sekunde 100 au zaidi, mifugo itapewa nusu, na mwenye ng'ombe wengi atawapeleka wengine mtoni. Mifereji ya nyumba itakuwa ya mwisho kupunguzwa."

Kwa nini sekunde 75? Mtungi ukijaa kwa sekunde 75, chemchemi yatoa lita 16 kwa dakika, ndizo lita 23,040 kwa siku. Theluthi mbili zake ni lita 15,360. Watu na mifugo wataka lita 15,400. Waona basi kwamba hapo maji yametosha watu na mifugo kwa shida, na bustani haina lake. Kwa sekunde 100, fungu la kijiji ni lita 11,520. Ukitoa lita 7,200 za watu, zabaki lita 4,320, kidogo kuliko haja ya mifugo, ambayo ni lita 8,200. Zatosha nusu tu.

Kanuni ya namna hii haimtegemei mwenyekiti wala ukali wa mtu. Saa na mtungi ndio wanaoamua, na kila mtu aweza kwenda kuhesabu. Wazee waliuliza kwa nini wanawake na vijana ndio wapime, wala si wao. Jibu lililoandikwa ni kwamba wanawake ndio wanaokuwapo kila siku, na vijana ndio watakaofungiwa kwanza. Afadhali wajionee wenyewe.

NYUMBA ZA JUU

"Mwakilishi wa nyumba za juu, ambaye ni mmoja wa wazee, aliuliza kwa nini nyumba 14 zichange fedha ilhali maji hayatapanda. Vijana walipendekeza pampu ya petroli. Mweka hazina alisema fedha za petroli hazina mtu wa kuzitoa kila wiki. Ilikubaliwa mfereji wa kwanza uwekwe karibu na barabara, mahali pa juu kabisa ambapo maji yaweza kufika bila pampu. Nyumba za juu zitachanga nusu: shilingi 2,500, na nyumba za chini shilingi 5,000. Jumla ya mchango ni shilingi 265,000. Kura: 9 walikubali, 2 walikataa. Mwakilishi wa nyumba za juu aliomba iandikwe kwamba yeye amekataa, kwa sababu watu wake bado watapanda mlima na mitungi."

Maji yanayokwenda kwa uzito wake hayatafika mahali palipo juu kuliko chemchemi. Jambo hili lipimwe kabla ya mkutano, wala lisikisiwe. Watu wale walitumia mpira mwembamba mrefu unaoonyesha maji ndani yake. Ukiujaza maji na kuondoa mapovu yote, maji ya ncha moja husimama kimo kimoja na maji ya ncha ya pili, hata kama kuna kichaka katikati. Kwa kuhamisha mpira hatua kwa hatua kutoka chemchemi, walijua mahali hasa ambapo mfereji waweza kuwekwa, nao ni chini ya ile nyumba ya kwanza ya juu.

Yule mzee alishindwa kwa kura, lakini neno lake liliandikwa. Katibu asione haya kuandika kukataa kwa mtu, wala asiandike "kwa kauli moja" pasipo na kauli moja. Mtu ambaye neno lake limeandikwa ana sababu ya kurudi mkutanoni. Na siku kijiji kitakapopata pampu ya jua, shida ya nyumba 14 itakuwa imekwisha kuandikwa, haitaanza upya.

ARDHI YA CHEMCHEMI

"Mwenye shamba alisema maji ni ya watu wote, naye hazuii. Mkewe alisema anakubali, ila njia ya watu isipite kati ya nyumba na shamba la mahindi. Ilikubaliwa kwamba kipande cha mita 20 kwa mita 20 kuzunguka chemchemi kitazungushiwa ua, na paipu itafuata mpaka wa shamba. Mwenye shamba na mkewe wataandikiana mapatano na kamati, na haki ya kupitisha maji itasajiliwa katika ofisi ya ardhi kabla fedha yoyote haijatumiwa."

Kwa Sheria ya Maji ya 2016, maji ya chemchemi na mito ni amana ya taifa, si mali ya mwenye shamba. Lakini ardhi inayoizunguka ni yake. Akiwa mtu mwema, neno lake latosha maadamu yu hai na shamba ni lake. Akiuza, au akifa na watoto wakagawana, mwenye shamba mpya hafungwi na neno lililoandikwa katika daftari la kamati. Atazungusha ua, na kijiji kitabaki na paipu zake. Haki ya njia ya maji ikisajiliwa juu ya hati ya shamba, humfuata kila anayelinunua. Kama shamba bado lina deni la skimu na hati haijatoka, ofisi ya makazi ya ardhi iulizwe kwanza.

Kuna kibali kingine pia. Sheria hiyo hiyo yamruhusu mtu kuchota maji ya nyumbani kwa chombo bila kibali. Lakini wanaojenga ukuta, paipu na tangi ili kuchukua maji wahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Kamati iliandika kwamba ombi lipelekwe kabla ya simiti kununuliwa, pamoja na vipimo vyao vitatu vya kiangazi.

UJENZI NA KAZI ZA KILA KUNDI

"Vijana watachimba kurudi nyuma mpaka jicho la chemchemi, mahali maji yatokapo katika ardhi ngumu. Nyumba za juu zitaleta mawe na kokoto. Kila nyumba ya chini itachimba mita 10 za mtaro wa paipu, kina chake futi mbili. Mtaro wote ni mita 460. Wajane na wazee wasioweza watachimbiwa na vijana, na hiyo ndiyo malipo ya vijana kwa maji ya bustani. Birika la ng'ombe litajengwa chini ya tangi, mbali na mifereji ya watu. Hakuna choo kitakachochimbwa kwa mita 30 upande wa juu wa chemchemi. Mikaratusi minne iliyo karibu itakatwa."

Fundi naye alipewa sharti moja lililoandikwa: paipu ya kutolea maji isiwe juu kuliko jicho la chemchemi. Watu wengi hujenga ukuta mrefu wakidhani maji yatapanda na kuwa mengi. Maji yakizuiwa na kupanda juu ya jicho lake, hutafuta njia nyingine ardhini, na huenda yasirudi kamwe. Dalili zake ni mbili. Ya kwanza, mtungi huchukua sekunde nyingi kuliko zile za kabla ya ujenzi, ingawa mvua haijabadilika. Ya pili, ardhi ya kando ya ukuta huwa na unyevu, au nyasi hapo huota mbichi kuliko kwingine. Mkiona hivyo, teremsheni maji mara moja, msingoje. Ndiyo sababu nyingine ya kuandika vipimo: pasipo kipimo cha kwanza hamtajua kama chemchemi imepungua.

Nyuma ya ukuta hujazwa mawe na kokoto safi, kisha juu yake udongo wa mfinyanzi uliopondwa vizuri, ili maji machafu ya juu yasiingie. Kama hatua kumi upande wa juu huchimbwa mtaro wa kuzuia maji ya mvua.

Mwisho katibu aliandika kazi, mtu na siku. Mweka hazina, aliyechaguliwa kutoka kwa wanawake, atafungua akaunti ya benki kabla ya mwisho wa mwezi. Fedha zitatolewa kwa saini tatu: moja ya mzee, moja ya mwanamke, moja ya kijana. Katibu atapeleka ombi la kibali kabla ya siku kumi na nne. Mwenyekiti atakwenda na mwenye shamba na mkewe katika ofisi ya ardhi. Kila nyumba itatoa shilingi 100 kwa mwezi za matengenezo, nazo zitasomwa mbele ya watu kila miezi mitatu. Kisha kumbukumbu zote zilisomwa kwa sauti, zikasahihishwa mahali pawili, na wajumbe wote 11 wakatia saini, pamoja na wale wawili waliokataa. Kutia saini si kukubali kila neno. Ni kushuhudia kwamba hayo ndiyo yaliyosemwa.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Chemchemi yajaza mtungi wa lita 20 kwa sekunde 40. Yatoa lita ngapi kwa saa, na ngapi kwa siku?

2. Kijiji kina watu 300, ng'ombe 80, na mbuzi 100. Kwa kadiri za somo hili, kitahitaji lita ngapi kwa siku?

3. Kama theluthi moja ya maji ya swali la kwanza itaachwa kijitoni, je, fungu la kijiji latosha mahitaji ya swali la pili? Litabaki la bustani ya robo ekari?

4. Fungua daftari la kamati yenu. Je, limeandika maji yalipimwa mwezi gani, na ni nani afungiwe kwanza yakipungua?

Majibu: (1) Lita 1,800 kwa saa, lita 43,200 kwa siku. (2) Watu lita 6,000, ng'ombe lita 4,800, mbuzi lita 500. Jumla lita 11,300. (3) Fungu la kijiji ni lita 28,800. Latosha, na baada ya bustani kupewa lita 5,000, zabaki lita 12,500. (4) Jibu hili limo katika daftari lenu. Kama halimo, liwekwe katika ajenda ya mkutano ujao, kabla kiangazi hakijaanza.